Gemu za kusoma na kujibizana kwa Kifaransa: nilivyoitumia Enterre-moi, mon amour

*"Wakuu, nina miaka 38, niko Kigoma, kazi yangu inanikutanisha na Warundi na Wakongo. Kifaransa nilikisoma sekondari kidogo. Zile programu za kulinganisha neno na picha zimenichosha. Kuna gemu ya kusoma na kuongea na wahusika ambayo mtu mzima anaweza kujifunzia? Nina simu tu, laptop sina."*

Mkuu, mimi niko kwenye klieringi Dar, mizigo yetu mingi inapita Tunduma kwenda Kasumbalesa na Lubumbashi, kule Kongo. Wateja wenyewe ukiwapigia simu mnaongea Kiswahili, chao na chako, mnaelewana vizuri tu. Tatizo ni karatasi. Barua pepe, ankara, malalamiko ya mzigo uliochelewa, vyote vinakuja kwa Kifaransa. Kwa hiyo mimi nilihitaji kusoma na kuandika kwanza, kuongea baadaye.

Gemu iliyonivusha inaitwa *Enterre-moi, mon amour*. Ilitoka 2017 kwa simu za Android na iPhone, imetengenezwa na Wafaransa, na Kifaransa chake ni cha asili, hakikutafsiriwa kutoka Kiingereza. Unaipakua kwa kulipia mara moja. Ndani yake hakuna kukimbia wala kupiga risasi. Skrini yako inageuka kama Wasapu: wewe ni Majd, mume uliyebaki Siria, na mkeo Nour ametoka Homs anajaribu kufika Ulaya. Anakutumia ujumbe, unachagua jibu, naye anaendelea kulingana na ulichomshauri. Chanzo chake ni makala ya gazeti la *Le Monde* ya 2015 kuhusu mwanamke wa Siria aliyesafiri huku akichati na ndugu zake. Ina miisho 19, mingine inauma, kwa hiyo jiandae.

Kwa nini hii na si nyingine? Kwa sababu maandishi yanakuja kwa vipande vifupi vya mstari mmoja au miwili, kisha yanakusubiri. Gemu nyingi zenye hadithi nzuri zinakumwagia aya nzima ya maelezo ya mapango na majoka, unachoka kabla ya mtu wa kwanza kufungua mdomo. Hapa kila sentensi mtu anamwambia mtu: uko wapi, umekula, hela zimebaki ngapi, usimwamini huyo dereva. Ni maneno yaleyale utakayoyahitaji Bujumbura au Uvira.

Kabla ya kuanza, jipime. Chukua ujumbe wa mwanzo, hesabu maneno 100, piga mstari kwenye usiyoyajua. Paul Nation, mtafiti wa msamiati wa Nyuzilandi, anajulikana kwa hoja kwamba ili usome kwa raha bila msaada unahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100. Usiogope hiyo namba, kwenye gemu muktadha unakubeba. Mimi nilianza na maneno 14 nisiyoyajua na nikaweza, ila siku za kwanza zilikuwa nzito. Ukikuta zaidi ya 20, weka kando kwanza, nitakwambia pa kuanzia huko chini.

Sasa sehemu yenyewe. Kosa nililolifanya raundi ya kwanza ni kucheza kama ninavyochezea simu kwenye daladala. Nour anauliza, majibu mawili yanatokea, nabofya linaloonekana la busara, twende. Nilimaliza kwa wiki moja, nikajiona nimeiva. Kisha mteja akaandika barua pepe ya mistari mitatu, nikaielewa yote, nikakaa nusu saa mbele ya kompyuta bila kuweza kuandika sentensi moja ya kumjibu. Hapo ndipo nikashika kitu: kuchagua jibu ni kulitambua tu, kulitunga hujafanya hata siku moja.

Raundi ya pili nikakata kipande cha kadibodi cha ukubwa wa kiganja. Nour akiandika, nafunika sehemu ya chini ya skrini ambapo majibu hutokea, nachukua daftari, naandika jibu langu mwenyewe kwa Kifaransa. Nikimaliza ndipo naondoa kadibodi.

Nikupe mfano mmoja. Ni usiku, Nour hajui aondoke sasa au asubiri. Kwenye daftari niliandika:

*Il faut que tu attends le matin.*

Nikaona nimeandika kama waziri. Nikafunua, majibu ya pale yakawa ya aina ya *Attends demain* na *Reste où tu es*. Maneno mawili, matatu, basi. Kwanza, sentensi yangu ilikuwa na kosa, baada ya *il faut que* inatakiwa *tu attendes*. Lakini kikubwa zaidi ni kwamba sikuhitaji kupita huko kabisa. Mtu akimshauri mtu wake kwa Kifaransa anaamuru tu, au anasema *tu devrais attendre*. Mimi nilikuwa natafsiri "inabidi usubiri" kichwani, neno kwa neno.

Na hapohapo nikaona jambo ambalo mwalimu wa sekondari alilisema nikalisahau. Ukiamuru kwa *tu*, vitenzi vya kundi la *-er* vinadondosha *s*: unasema *tu restes*, lakini amri ni *reste*. Kwa sikio havina tofauti, kwa hiyo anayejifunza kwa kusikiliza tu hawezi kuijua. Anayesoma anaiona mara ishirini kwa siku.

Siku moja nilikuwa naandika majibu matano hadi manane tu, si zaidi. Mengine nabofya bila kadibodi ili hadithi isife. Maneno mapya nilichagua matatu, yale ninayoweza kuyatumia kazini wiki hiyohiyo. Boti la mpira na koti la kuokolea niliyaelewa nikayaacha yapite, mzigo wa Kasumbalesa hauvuki bahari.

Kuna namna mbili za kucheza. Moja ujumbe unakuja kwa muda halisi, Nour akiwa safarini anaweza kukaa kimya masaa. Ya pili inaenda mfululizo. Raundi ya kwanza tumia muda halisi, inakulazimisha kusoma kidogokidogo mchana kutwa, na ukirudi baada ya masaa matatu unalazimika kupandisha juu na kusoma tena mlipoachia. Kusoma tena huko ndiko dawa. Ila mjulishe mwenzako nyumbani. Mimi sikumjulisha. Simu iko mezani, tunakula, ikaita, mama watoto akaona jina Nour na maneno ya mahaba kwa lugha asiyoijua. Nilieleza gemu hiyo kwa dakika arobaini, wali ukapoa. Mpaka leo akisikia Kifaransa ananiuliza, "Bi Nour hajambo?"

Sasa ubaya wake, na huu ulinigharimu. Mume na mke wanaitana *tu*, ile "wewe" ya watu waliozoeana, si *vous* ya heshima. Pia wanaandika kama watu wanavyochati: *je sais pas* badala ya *je ne sais pas*, *on part* badala ya *nous partons*. Ni Kifaransa sahihi cha mazungumzo, ila si cha kumwandikia mtu unayemheshimu. Baada ya miezi miwili na Nour nilimwandikia mteja mmoja wa Lubumbashi, mzee wa makamo, *Tu as envoyé les documents ?* Akanijibu kwa mstari mmoja: *Vous voulez dire : avez-vous envoyé les documents ?* Hakuongeza neno. Nilijisikia kama kijana aliyempita mzee mlangoni bila shikamoo. Nilimpigia simu kuomba radhi, kwa Kiswahili, akacheka, yakaisha.

Tangu hapo nikaongeza safu ya pili kwenye daftari. Kushoto sentensi ya Nour au yangu, kulia sentensi ileile nikimwandikia mteja. *T'as trouvé un bus ?* inageuka *Avez-vous trouvé un bus ?* Na *Attends demain* inageuka *Je vous prie d'attendre jusqu'à demain.* Nakuhakikishia safu hii ya kulia ndiyo iliyonilipa kuliko kitu kingine chochote kwenye gemu nzima. Kwako wewe wa Kigoma, unayekutana na watu uso kwa uso, fanya safu zote mbili, maana vijana wa sokoni ukiwapa *je vous prie* watakucheka.

Ubaya wa pili: ni maandishi matupu. Nilikuwa naona *ils arrivent* kila siku na kichwani naisoma na mkia wake wote, "ariventi". Dereva mmoja wa Likasi alinisikia, akaniambia huo mkia haupo. Kweli haupo, *-ent* ya vitenzi haitamkwi. Kwa hiyo dakika kumi za RFI ya Kifaransa kwa siku, taarifa ya habari tu, ili sikio liende sambamba na jicho.

Kama kipimo cha maneno 100 kimekugomea, anza na *Stardew Valley*. Ni gemu ya shamba, iko kwenye simu, ina Kifaransa. Kila mwanakijiji anakupa sentensi moja au mbili kwa siku, na ukiwa unasoma maongezi saa ya gemu inasimama, kwa hiyo hakuna presha. Kila asubuhi televisheni inakutabiria hali ya hewa ya kesho kwa sentensi zilezile chache, baada ya wiki unazijua kama sala. Udhaifu wake ni kwamba hujibu sana, unasikiliza zaidi, na utajua majina ya mboga ambazo hapa hazioti. Miezi miwili inatosha, kisha hamia kwa Nour.

La mwisho ni la ufundi. Gemu ikifunguka kwa Kiingereza, angalia mipangilio yake kwanza. Zipo zinazofuata lugha ya simu, hapo utabadili simu nzima iwe *Français*. Kabla hujafanya hivyo piga picha njia uliyopita mpaka kwenye lugha, kwa simu nyingine. Mimi nilihangaika siku nzima kutafuta pa kurudia, na kengele ya asubuhi sikuiona ilipo.

Nilipojipima tena mwisho wa raundi ya pili, katika maneno 100 nilikwama kwenye 5. Raundi ya tatu sijaicheza, namwogopea Nour. Ukimfikisha salama, rudi hapa useme ulimpitisha njia gani.