Barua pepe kwa mfasiri: mnauliza, najibu

Nilimwandikia mfasiri, "Naomba unitafsirie hii kwa Kiingereza, ni haraka," nikaambatisha faili. Badala ya kazi nikapokea maswali manane. Kwani hajui kazi yake?

Anaijua, ndiyo maana kauliza. Wa kuogopa ni yule anayepokea kurasa 20 akakaa kimya mpaka siku ya kukabidhi.

Chukua pendekezo la mkopo. Likienda kwa afisa wa benki atakayeamua kutoa fedha au kukataa, mfasiri ataliandika kirasmi na kuhakikisha kila sharti limebaki na uzito wake. Likienda kwa mbia mpya ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, sentensi zitafupishwa na istilahi zitafafanuliwa kidogo. Likiwa la mwanasheria anayetaka tu kujua kilichomo, hana haja na urembo. Hizo ni kazi tatu kwa faili moja. Kwa hiyo mwambie nani atasoma, na akishasoma unataka afanye nini. "Watu wote" si jibu.

Ananidai orodha ya istilahi. Ningekuwa najua maneno hayo kwa Kiingereza, si ningetafsiri mwenyewe?

Orodha yako si lazima iwe na neno hata moja la Kiingereza. Anachohitaji kwako ni maana.

Niliwahi kupitia pendekezo ambamo neno "dhamana" lilitumika kwa mambo matatu: kiwanja kilichowekwa kulinda mkopo, ahadi ya muuzaji kutengeneza mashine bure kwa miezi 12, na ndugu aliyekubali kulipa endapo mkopaji angeshindwa. Kiingereza kina neno tofauti kwa kila moja. Mengi mfasiri aliyatambua kwa muktadha, lakini ukurasa wa 9 ulisema tu "dhamana itaendelea hadi mwisho wa mkataba". Ipi? Mwisho wa mkataba upi? Aliotea ya mashine, kumbe mwandishi alikusudia kiwanja. Kosa la namna hiyo halionekani kwa macho, kwa sababu sentensi inasomeka vizuri kabisa.

"Mapato" nalo ni neno la kuangalia: ni fedha zote zilizoingia, au zilizobaki baada ya gharama? Wewe unajua, yeye anaona tarakimu tu. Ongeza majina yasiyotafsiriwa, yaani ya kampuni, bidhaa na vyeo mlivyozoea, na kama ipo tafsiri ya zamani ambayo benki imeshaisoma, iambatishe ili maneno yasibadilike katikati ya safari. Mistari 15 yenye maelezo inatosha. Orodha ya maneno 300 yasiyo na maelezo haimsaidii.

Maneno 6,000 yanaweza kuwa tayari kesho kutwa?

Kwa mfasiri mmoja, hapana, labda kama unakubali rasimu isiyokaguliwa. Wengi hufanya kati ya maneno 2,000 na 2,500 kwa siku kwenye maandishi ya biashara. Hiyo ni kama siku tatu za kutafsiri, kisha siku moja ya mtu wa pili kulinganisha tafsiri na matini asilia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17100 kinautaka ukaguzi huo wa mtu wa pili, basi uliza kama umo kwenye bei. Tenga na siku moja yako ya kujibu maswali. Anza kuhesabu kutoka siku ya kuwasilisha, ukirudi nyuma.

Na saa iandike kwa mfumo wa saa 24. "Saa kumi" ya mmoja ni 16:00, ya mwingine anayesoma tarakimu za simu ni 10:00, na hapo mmepotezana saa sita.

Nitume PDF au Word?

Word, ili aweze kuandika humo humo. PDF iambatane kumwonyesha mwonekano. Usitume toleo ambalo bosi bado analihariri.

Tuonyeshe basi barua yenyewe.

Hii hapa, ya pendekezo lile lile:

*Mada: Tafsiri ya pendekezo la mkopo, maneno 6,000, tarehe 18 saa 16:00*

*Habari za kazi. Naomba kutafsiriwa pendekezo lililoambatishwa, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Atakayelisoma ni afisa mikopo wa benki, na litatumika kuamua kama tutapewa mkopo. Hatujui kama anaifahamu biashara yetu.*

*Hili ni toleo la mwisho. Kiambatisho cha pili ni istilahi 14 na maana zake. Tafadhali angalia zaidi "dhamana" na "mapato". Jina la kampuni lisitafsiriwe.*

*Tunawasilisha tarehe 20, hivyo naomba kazi iliyokwisha kukaguliwa ifike tarehe 18 saa 16:00. Maswali nitayajibu mimi mwenyewe, siku hiyo hiyo. Ukiona tarakimu zisizopatana, usizirekebishe, niandikie.*

*Naomba bei, na kama tarehe haiwezekani, niambie leo.*