Kabla hujaondoa akaunti ya barua pepe, jua barua zako zinalala wapi

Juzi usiku nilikuwa nimeshazima taa simu ilipolia. Ujumbe wa msomaji: "Shikamoo dada. Nimeondoa akaunti ya kazini kwenye Thunderbird na folda zote zimetoweka. Mkataba umeisha, kesho saa kumi jioni wanaifunga anwani yangu. Ni barua za miaka mitano. Nisaidie."

Nikaiwasha taa.

Nitasema ukweli: kabla ya huruma nilisikia uchungu wangu wa zamani ukiamka. Shimo alilotumbukia ninalifahamu, nililitumbukia mimi mwaka 2019, tena kwa miguu yangu miwili. Nilikuwa nahariri miswada mahali fulani kwa miaka minane. Siku ya mwisho nikaamua kuisafisha kompyuta yangu, maana napenda vitu safi. Nikaingia `Account Settings` ya Thunderbird, programu ileile ya kusomea barua pepe, nikaichagua akaunti ya kazini, nikabofya `Account Actions`, halafu `Remove Account`. Kikaja kidirisha chenye visanduku viwili. Cha kwanza, `Remove account information`, kilikuwa na alama tayari. Cha pili, `Remove message data`, kilikuwa kitupu. Nikakitia alama nacho. Moyoni nilijiambia kwamba kama ni kuondoa, basi tuondoe vyote. Jioni ile wakaifunga anwani.

Baada ya miezi miwili mteja mmoja akadai hakuwahi kuidhinisha mabadiliko ya sura mbili. Aliidhinisha. Aliniandikia mwenyewe, nami nikamjibu kumshukuru. Lakini barua yake ilikuwa kwenye Inbox ambayo haipo, na jibu langu kwenye Sent ambayo haipo. Niliwaomba wenye seva nakala, hadi leo sijajibiwa. Nikaonekana mzembe, na kazi iliyofuata wakapewa wengine. Nimesamehe, ila sijasahau.

Kosa langu halikuanza kwenye kile kisanduku. Lilianza siku nilipoamini kwamba kwa vile barua naziona kwenye kompyuta yangu, basi ziko kwenye kompyuta yangu. Akaunti nyingi siku hizi huunganishwa kwa IMAP, na kwa IMAP sanduku lenyewe liko kwenye seva. Folda unazoziona upande wa kushoto ni dirisha la kulichungulia. Thunderbird huweka nakala kwenye diski ili uweze kusoma bila mtandao, lakini nakala hizo ni kivuli cha seva: seva ikifutwa barua, kivuli nacho kinafutika mara tu programu ikishaingia na kulinganisha. Penye usalama ni pale chini kabisa, panapoitwa `Local Folders`. Folda hizo hazina seva nyuma yake. Ukiiondoa akaunti, zenyewe zinabaki.

Turudi kwa mdogo wangu yule. Swali langu la kwanza: "Kisanduku cha pili ulikitia alama?" Akajibu hakukigusa. Nikavuta pumzi kwa niaba ya sisi wote wawili, kwa sababu usipokitia alama programu huisahau akaunti tu, ila mafaili yake huyaacha palepale yalipokuwa. Huyaoni kwa sababu hakuna tena kinachoyaonyesha.

Nikamwambia afungue menyu ya `Help`, aingie kwenye habari za utatuzi, atafute mstari wa `Profile Folder` na kuifungua folda hiyo, kisha aifunge Thunderbird kabisa. Ndani kuna folda mbili za kuangalia. `Mail` ndiyo yenye `Local Folders`. `ImapMail` ndiyo yenye vivuli vya akaunti za IMAP, kila seva na folda yake. Akanitumia picha ya alichokiona. Jina la seva nimelibadilisha:

```
ImapMail/
  mail.example.com/
    INBOX
    INBOX.msf
    INBOX.sbd/
    Sent.msf
```

Hapo ndipo pa kukaza macho. Faili lisilo na kiambishi, `INBOX`, ndilo lenye barua, zote zimefuatana kama maandishi marefu, viambatisho vikiwa ndani. Lenye `.msf` ni faharasa tu: nani kaandika, lini, kuhusu nini. Folda yenye `.sbd` imebeba folda ndogo zilizo chini ya ile yenye jina lake. `INBOX` yake ilikuwa na GB 1.8, kwa hiyo barua zimo. Lakini tazama Sent. Ipo faharasa peke yake. Mwenyewe alikumbuka kwamba mwaka jana diski ilipojaa aliingia `Synchronization & Storage` akaiondoa Sent kwenye folda za kuhifadhiwa. Tangu siku ile alikuwa akiona orodha ya barua alizotuma na kudhani anazo, kumbe kila alipoifungua moja ililetwa kutoka kwenye seva.

Basi kazi ikawa mbili. Inbox tuliiokoa kwenye diski. Alilinakili faili la `INBOX` pamoja na `INBOX.sbd`, akavibandika ndani ya `Mail/Local Folders`, Thunderbird ikiwa bado imefungwa. Akavipa majina mapya, `Kazini` na `Kazini.sbd`, kwa sababu jina la Inbox linaweza kugongana na lililopo, na folda ndogo hazionekani kama majina hayo mawili hayafanani. Mafaili ya `.msf` hakuyachukua: programu hujitengenezea faharasa upya ikifunguka. Alipoifungua, `Kazini` ikakaa kimya kidogo ikijipanga, halafu barua zikamiminika. Chache zilikuwa zile alizokwisha kuzifuta, kwani barua iliyofutwa hubaki ndani ya faili hadi folda ibanwe kwa `Compact`. Akalalamika. Nikamwambia, mdogo wangu, malalamiko ya kupewa zaidi sina dawa yake.

Sent haikuwa na njia ya diski. Ilibidi kuirudia seva, na bahati ilikuwa yake, nenosiri lilikuwa bado linafanya kazi. Akaiunganisha akaunti upya. Kama seva ingekuwa imeshafungwa, ningemaliza habari hapa kwa pole.

Sasa niseme kwa sauti kubwa, kwa sababu nimechoka kupokea ujumbe wa usiku. Mambo haya yafanyike KABLA ya kuondoa akaunti, na wala si mengi. Unabofya `Local Folders` kwa kitufe cha kulia, unatengeneza folda mpya. Unaingia folda ya zamani, unahakikisha kichujio cha haraka juu ya orodha kimezimwa, maana kikiwa kimewashwa utachagua zile zinazoonekana tu. Unachagua barua kwa `Ctrl+A`, unabofya kulia, unachagua `Copy To`, si `Move To`. Ukihamisha, barua huondolewa kwenye seva, na ukigundua kasoro baadaye huna pa kurudia. Ukinakili, programu inalazimika kuzileta barua nzima, hata zile ambazo kwenye diski zilikuwa vichwa vitupu. Ndiyo maana naiamini njia hii kuliko kucheza na mafaili.

Mdogo wangu yule alinakili Sent yote kwa mkupuo. Alipobofya kulia na kufungua `Properties`, folda ya seva ilionyesha barua 4,212 na nakala yake 2,960. Mtandao ulikuwa umekatika katikati bila yeye kutambua. Alitaka kuendelea pale ulipokatikia, nikamkatalia. Hujui ni zipi zilivuka, na ukinakili tena juu yake utapata nyingine mara mbilimbili. Aliifuta nakala ile, akapanga barua kwa tarehe, akanakili mwaka mmoja mmoja, kila mwaka folda yake. Mikupuo mitano. Jumla ikafika 4,212.

Hesabu peke yake hainitoshi, nami nimelipia haki ya kuwa msumbufu. Nilimwambia aende `File`, kisha `Offline`, kisha `Work Offline`, halafu afungue kwenye folda mpya barua ya zamani yenye kiambatisho kizito. Akachagua ripoti ya kurasa 60 ya mwaka wake wa kwanza. Ikafunguka. Barua isiyo na mwili haiwezi kufunguka bila mtandao, kwa hiyo hapo hakuna ubishi.

Hata hivyo `Local Folders` nayo iko kwenye diski moja, na diski hufa. Alifunga programu akainakili folda nzima ya wasifu, ile `Profile Folder`, kwenye diski ya nje.

Kwa wanaotumia Outlook ya zamani ya Windows, habari ni kali zaidi. Akaunti ya IMAP huko huweka kivuli chake kwenye faili la `.ost`, na ukiondoa akaunti unaonywa kwamba maudhui yale yatafutwa. Soma onyo lile, usilipite kama nilivyopita mimi langu. Nakala ya kudumu hutolewa kwanza kwenye faili la `.pst`.

Wengine mtaniuliza kama ni halali kubeba barua za kazini. Waulizeni mnaowaacha, kabla ya siku ya mwisho, na kwa maandishi. Mimi sikuuliza, na huenda ndiyo sababu sikujibiwa.

Saa tisa na nusu mchana wa siku ya pili aliniandikia tena. Ameshafika kwenye kile kidirisha, kisanduku cha kwanza kina alama, cha pili kitupu, anaogopa kubofya. Nikamwuliza kama sheria za kupanga barua alizinakili pembeni tangu mwanzo, maana hizo ni za akaunti na hupotea nayo. Akasema alikuwa nazo tatu tu, alizipiga picha kabla ya kuiondoa akaunti mara ya kwanza. "Bofya," nikamwambia. Akaunti ikaondoka, upande wa kushoto ukabaki `Local Folders`, chini yake `Kazini` na miaka mitano ya Sent. Kuhusu `ImapMail`, ambayo sasa ina folda mbili za seva ileile, ya pili ikiwa na `-1` mwishoni mwa jina kwa sababu aliunganisha upya, nilimwomba asiiguse kwa mwezi mzima. GB zake chache zivumilie.