Kilomita za gari lililotumika: anza na kitabu, dashibodi ifuate

Mtu anayeanza kazi ya kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi huwa anakimbilia dashibodi. Anafungua swichi, anasoma odometa, anaandika namba kwenye fomu, halafu ndipo anaangalia vitu vingine. Shida ni kwamba namba ikishakaa kichwani, kila unachokiona baadaye unakitafutia sababu ya kukubaliana nayo. Usukani umeng'aa kwa kushikwa? Utasema labda mwenyewe alikuwa anajipaka mafuta mikononi. Mimi huwafundisha wanaonifuata wafanye kinyume: omba kitabu cha servisi kwanza, kaa nacho pembeni, na odometa uisome mwisho.

Kabla hujasoma hata tarehe moja, hakikisha kitabu ni cha gari hilo. Namba ya chesisi iliyoandikwa ukurasa wa mbele ilingane na ile iliyogongwa kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu, maana vitabu vitupu vinauzwa na kuvijaza si kazi ngumu. Vitabu vingi vina msimbo mdogo wa uchapishaji kwenye jalada la nyuma au chini ya ukurasa wa mwisho, wenye mwezi na mwaka. Ukikuta kitabu kimechapishwa 2019 na muhuri wa kwanza ndani yake ni wa 2015, hicho si kitabu kilichotoka na gari. Kinaweza kuwa nakala halali iliyotolewa baada ya cha kwanza kupotea, lakini basi iwepo alama ya kuonyesha hivyo, na gereji iliyoijaza iweze kusema ilitoa wapi taarifa za zamani.

Halafu tazama wino. Servisi sita zilizofanyika ndani ya miaka saba huandikwa na watu tofauti, kwa kalamu tofauti, na wengine wana haraka. Mihuri inapinda, mingine inafifia kwa sababu kidau kilikuwa kimekauka. Kitabu halisi huwa kichafu kidogo, na kurasa za mwanzo zimechakaa kuliko za mwisho. Ukiona mwandiko mmoja, bluu ileile, mihuri yote imekaa wima na ina wino uliokolea sawasawa, kuna mtu alikaa mezani akaijaza kwa mkupuo mmoja. Ipigie gereji yenye muhuri, ila namba ya simu itafute mwenyewe badala ya kutumia iliyo kwenye muhuri, na uwaulize kilomita walizoandika siku hiyo. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana kitabu cha karatasi kabisa. Kumbukumbu ziko kwenye mfumo wa mtengenezaji, na hapo unamwomba mwenye gari achapishiwe na wakala.

Hayo yote ni ya kuchuja waongo wavivu. Mwongo mwenye bidii atakuletea kitabu cha kweli chenye mihuri ya kweli. Anachofanya ni kurudisha kilomita nyuma kila anapokaribia servisi, au kufunga kidude kati ya waya za mawasiliano na dashibodi kinachopunguza hesabu gari likiwa linatembea. Fundi wa gereji anaandika kwa uaminifu kile anachokiona kwenye mita, na mihuri inakuwa halali juu ya namba ya uongo. Hapo kuangalia wino hakukusaidii kitu. Kinachosaidia ni hesabu, na ndiyo maana nataka ukae kwenye hili kuliko mengine.

Chukua karatasi, andika tarehe na kilomita za kila servisi, kisha gawa umbali kwa miezi iliyopita kati ya servisi moja na nyingine. Unapata mwendo wa gari kwa mwezi. Nitakuonyesha kwa gari moja dogo la petroli lililosajiliwa Aprili 2014 na kukaguliwa Juni 2022. Servisi yake inatakiwa kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Kitabu kilisema hivi: Machi 2015, 14,800. Februari 2016, 29,600. Desemba 2016, 44,700. Oktoba 2017, 59,900. Novemba 2018, 66,100. Desemba 2019, 72,400. Januari 2021, 78,800. Odometa siku ya ukaguzi ilisoma 86,300.

Ukizitazama tu, namba zinapanda vizuri na hakuna mahali zinaposhuka. Wengi wanaishia hapo. Sasa gawa. Servisi nne za mwanzo zinatoa kati ya kilomita 1,345 na 1,520 kwa mwezi, na zimefuatana kwa miezi kumi au kumi na moja, yaani gari lilikuwa linafikisha kilomita kabla ya mwaka kuisha. Baada ya Oktoba 2017 mwendo unaanguka hadi 480 hivi kwa mwezi, na haupandi tena.

Kuanguka kwenyewe si kosa. Watu wanastaafu, wanahamia karibu na kazi, gari linauzwa kwa mtu mwenye magari mawili. Kilichonifanya niweke kalamu chini ni jinsi namba zilivyokaa: 6,200, kisha 6,300, kisha 6,400, kila moja baada ya miezi kumi na mitatu kamili. Maisha ya mtu hayaendi hivyo. Kuna mwaka wa msiba na safari nyingi, kuna mwaka gari linalala gereji miezi miwili. Gari la kweli linaloendeshwa kidogo hutoa 4,000, halafu 9,000, halafu 5,500.

Hatua inayofuata ni kusoma kazi zilizofanyika, siyo kilomita. Oktoba 2017 walibadilisha pedi za breki za mbele, kwenye 59,900. Desemba 2019 wakabadilisha pedi tena pamoja na diski, kwenye 72,400. Pedi za mbele za gari dogo kwa kawaida hudumu kilomita makumi ya maelfu, na seti ya kwanza ya gari hilihili ilifika karibu 60,000. Ya pili iishe na kula diski ndani ya 12,500, tena kwa mwenyewe anayesema anatumia gari wikendi tu kwa safari za mbali? Safari za mbali ndizo zinazotunza breki. Fundi aliyeandika kazi ile hakujua kwamba anaacha ushahidi.

Sasa fanya makadirio. Chukua mwendo wa zamani, tuseme 1,450 kwa mwezi, uuendeleze. Kutoka Oktoba 2017 hadi Januari 2021 ni miezi 39, sawa na kilomita 56,500 hivi. Ukijumlisha na 59,900 unapata kama 116,000. Hadi Juni 2022 gari lingekuwa limefika 141,000. Haya bado ni makisio, huwezi kumwonyesha mtu na kumwambia ni kweli. Lakini yanakuambia namba ya aina gani uitafute ukichomeka mashine ya kusomea kompyuta za gari.

Odometa ya kidijitali huhifadhi namba yake kwenye chipu ndani ya dashibodi, na hiyo ndiyo hubadilishwa. Magari mengi huweka umbali mahali pengine pia: kwenye kompyuta ya injini, ya giaboksi, ya breki za ABS, na kwa baadhi ya aina hata ndani ya ufunguo. Mchezeaji makini hubadilisha zote anazozijua. Mahali panaposahauliwa mara nyingi ni kumbukumbu ya makosa, kwa sababu kompyuta kadhaa zikiandika kosa huandika na kilomita za wakati huo. Kwenye gari letu kulikuwa na kosa la zamani la kihisi cha oksijeni, lililoandikwa kwenye kilomita 118,640. Gari lenye 86,300 haliwezi kuwa na kosa la 118,640.

Usitegemee kubahatika hivyo kila siku. Anayeuza anaweza kufuta makosa yote asubuhi ya kukuletea gari, kwa hiyo soma pia umbali uliokwenda tangu makosa yafutwe. Ukikuta ni kilomita nane, muulize alikuwa anafuta nini. Na kama kuna kile kidude cha kupunguza hesabu, kompyuta nyingi zitakubaliana na dashibodi, kwani zote zimekuwa zikilishwa namba pungufu kwa muda mrefu.

Kwa kesi ya namna hiyo tafuta saa za injini, kama kompyuta ya gari hilo inazihifadhi. Saa huhesabiwa injini ikiwa inawaka, na kidude cha kuzuia kilomita hakizigusi. Hapa zilikuwa 4,300. Gawa 86,300 kwa 4,300, unapata wastani wa kilomita 20 kwa saa: mwendo wa gari la kusambaza mizigo linaloshinda kwenye foleni, siyo la safari za mbali. Ukiweka 141,000 unapata karibu 33, ambao ni wastani wa kawaida kwa gari la mchanganyiko wa mjini na barabara kuu. Angalizo: gari linalokaa likinguruma bila kutembea, kama teksi, hukusanya saa nyingi kihalali. Ndiyo maana unamuuliza mwenyewe matumizi ya gari kabla ya kumwonyesha namba yoyote.

Usukani, kiti cha dereva na raba za pedeli uziangalie, lakini usizipe uzito sana. Vyote hubadilishwa kwa nusu siku. Raba mpya kabisa za pedeli kwenye gari la miaka minane zinanishtua kuliko zilizochakaa. Hakikisha pia odometa inahesabu kilomita na siyo maili, maana maili 100,000 ni kilomita 160,900, na mtu anaweza kukuuzia tofauti hiyo bila kugusa chipu yoyote.

Dashibodi iliyobadilishwa kwa sababu ya hitilafu ni jambo lingine. Hutokea, na ya pili inaweza kuanza na namba yake. Iwepo risiti yenye tarehe, kilomita za zamani na za mpya. Isipokuwepo, ichukulie kama haijathibitishwa.

Kwenye ripoti, usiandike kwamba muuzaji amechezea mita. Huenda aliyefanya hivyo ni mmiliki wa kabla yake, naye alinunua kwa imani kama mteja wako. Andika ulichokiona: odometa 86,300, kosa lililorekodiwa kwenye 118,640, saa za injini 4,300, pedi na diski zilizobadilishwa baada ya 12,500. Chini yake andika kwamba umbali halisi haujathibitishwa na hauwezi kuwa chini ya 118,640. Kisha rudi kwenye injini na ukague upya kila kinachopimwa kwa kilomita ukichukulia zimefika 140,000: plagi, mafuta ya giaboksi, mkanda wa taiming kama upo, bushi za mbele. Kwa gari hili kitabu hakikuonyesha mafuta ya giaboksi yakibadilishwa hata mara moja.