Tatu ya Kiarabu si Jumatatu: kwa ndugu wapya wa meza ya ujumbe

Jana mchana nilisimama nyuma ya kiti cha kijana aliyeanza kazi wiki iliyopita, nikamwona akimwahidi kwa Kiarabu mteja wa Kabalagala, hapa Kampala, kwamba jiko lake la gesi litafika saa tatu asubuhi. Alichoandika hasa ni «الساعة الثالثة», ambayo kwa mteja ni saa tisa yetu, akabonyeza kutuma, kisha akanigeukia kwa tabasamu la mtu aliyemaliza kazi. Nilihisi tumbo likinikaza, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi kabla yake, nikalilipia kwa mshahara wangu, na tangu hapo nimewaona watu wanne wakikaa katika kiti hicho hicho na kulirudia. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaojibu ujumbe wa wateja wa duka letu kwa Kiarabu: ninyi mliokuja na Kiarabu cha madrasa, ninyi wa Bombo mliokuja na Kinubi, na ninyi mliojifunza kwa kusikiliza wateja. Kila mmoja wenu anajua kitu, na kile anachokijua ndicho kitakachomponza.

1. Mteja huuliza mambo matatu kwa pumzi moja, nawe ujibu yote matatu katika ujumbe mmoja: bei, kama kitu kipo, na kitafika lini. Ukijibu bei peke yake na kungoja aulize tena, atakuwa amekwisha kuandikia duka la jirani. Bei itajwe kwa tarakimu pamoja na neno «شلن», kwa kuwa wapo wanaohesabu kwa dola kichwani, wala usimwambie mtu aje faraghani ndipo aambiwe bei, kana kwamba friji ni siri ya ukoo.

Wateja wetu wengi tangu vita vya Khartoum vya Aprili 2023 ni Wasudani, na Kiarabu chao si kile cha kitabuni. Mmoja aliuliza «التوصيل متين؟» na binti mmoja wa zamu ya jioni, ambaye Kiarabu chake cha darasani ni safi kuliko changu, akamjibu kwamba ndiyo, ni imara sana. Kitabuni neno hilo ni «imara» kweli. Kwa Msudani ni «lini». Mteja aliuliza mzigo utafika lini, akahakikishiwa uthabiti wake. Wengine hulidhani ni mia mbili, na kuanza kujibu habari za bei ya usafiri. Msipolielewa neno, muulizeni mteja, hakasiriki.

2. Jihadharini na maneno yanayofanana na yetu kama ndugu wa tumbo moja. Sisi husema «tafadhali» tunapoomba, lakini «تفضل» ni neno la anayetoa au anayekaribisha, kwa hiyo ukitaka mteja akutumie mahali anapokaa, andika «ممكن العنوان لو سمحت؟», nawe utakuwa umekwepa pia kosa la kumwita mwanamke kwa kitenzi cha kiume, maana sentensi hiyo haina kitenzi cha kuamrisha. Neno «رخيص» ndilo mzazi wa «rahisi» yetu, na mteja anaweza kuuliza kama kipo cha «أرخص», lakini wewe muuzaji ukiisifia bidhaa yako kwa neno hilo, katika masikio yake umesema ni kitu hafifu. Andika «سعره مناسب», yaani bei yake inafaa. Kwa upande wa heri, «جملة» ni jumla, «أصلي» ni asli na «ضمان» ni dhamana, kwa hiyo hayo yatumieni bila hofu.

3. Siku na saa. Hapa naomba mvumilie, kwa kuwa ndipo penye jeraha langu.

Ilikuwa Jumapili jioni, tarehe 12 Novemba 2023. Mama mmoja Msudani aliyekuwa akihamia nyumba mpya Kansanga alinunua friji ya shilingi 950,000, nasi tukakubaliana kwamba pikapu ya kuipeleka ni shilingi 35,000. Nikamuuliza anataka lini. Akaandika: «ممكن التلاتاء الساعة تسعة؟» Mimi nilikuwa na namba zangu tangu utotoni, nilizokariri kwa wimbo madrasa, na niliposoma «تلاتاء» nikasikia tatu, na niliposoma «تسعة» nikasikia tisa. Katika daftari la oda nikaandika Jumatatu, saa tisa. Saa tisa usiku haina maana kwa friji, kwa hiyo nikaongeza «alasiri» kutoka kichwani mwangu, bila mteja kuisema. Ndugu zangu, ukijikuta unaongeza neno ambalo mteja hakulisema ili sentensi yake iingie akilini, jua kwamba umeshapotea njia.

Jumatatu saa tisa alasiri dereva wetu alifika na friji kwenye geti lililofungwa, mvua ikinyesha. Aligonga, akapiga honi, akaifunika friji kwa turubai, akairudisha. Kesho yake saa nne asubuhi mteja akaniandikia kwamba anangoja tangu «تسعة». Badala ya kujiuliza, nilimjibu kwa adabu ya kuudhi kwamba dereva alifika jana kama alivyoomba yeye mwenyewe. Hakubishana. Alinakili ujumbe wake wa Jumapili, akanirudishia vile vile bila kuongeza hata nukta. Niliusoma mara tatu kabla jasho halijaanza kunitoka.

Siku ya «الثلاثاء» ni Jumanne. Kiarabu huanza kuhesabu siku Jumapili, ambayo ni «الأحد», ya kwanza. Sisi huanza siku inayofuata Ijumaa, ndiyo Jumamosi, mosi. Kwa hiyo namba iliyomo katika jina la siku kwa Kiarabu iko nyuma ya yetu kwa moja: «الاثنين», yenye mbili ndani yake, ni Jumatatu, «الثلاثاء», yenye tatu, ni Jumanne, «الأربعاء», yenye nne, ni Jumatano. Saa nazo sisi huzihesabu tangu jua lichomoze, na Waganda hufanya hivyo hivyo, lakini mteja anayeandika «تسعة» anasoma akrabu za saa kama zilivyo usoni. Tisa yake ya asubuhi ni saa tatu yetu. Tofauti ni sita siku zote, uongeze au utoe.

Mngedhani niliishia hapo. Siku hiyo hiyo ya Jumanne, mikono ikitetemeka kwa haya, niliomba radhi na kumwahidi kwamba dereva atakuja kesho, Jumatano, saa tano asubuhi. Sikulitafuta jina la siku, niliitafsiri namba. Tano mara mbili, kwa hiyo nikaandika «الخميس الساعة خمسة». Alhamisi, saa kumi na moja jioni! Jina hilo Kiswahili kimelichukua zima zima kutoka Kiarabu, kila mtoto wa Bombo hadi Arua analitamka kila wiki, nami sikulitambua kwa sababu nilikuwa natazama tano iliyojificha ndani yake. Wiki yetu ina tano mbili, moja ya kwetu katika Jumatano na moja ya kuazima katika Alhamisi, na mimi niliziangukia zote mbili.

Mteja alijibu: «طيب، خمسة كويس، بكون رجعت من الشغل». Yaani sawa, tano inafaa, atakuwa amekwisha kurudi kutoka kazini. Someni tena. Ni nani hurudi kutoka kazini saa tano asubuhi? Jibu lake lilikuwa limebeba kosa langu waziwazi, na mimi nikaliona neno «طيب» tu, nikashusha pumzi na kufunga mazungumzo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya lile la kwanza, kwa sababu la kwanza lilikuwa ujinga, na la pili lilikuwa uvivu wa kusoma hadi mwisho.

Jumatano saa tano dereva akakuta geti lile lile, kufuli lile lile. Alimpigia mteja simu, mteja akiwa kazini. Baada ya dakika chache nikapata maneno matatu: «خلاص، ما دايرة». Basi, sitaki. Safari mbili za pikapu, shilingi 70,000, zilikatwa katika mshahara wangu wa mwezi huo, na sikuwa na neno la kusema. Dereva hajanisamehe mpaka leo. Nikimpa karatasi ya oda huisoma polepole, kisha huuliza: «Mzee, hii Jumatano ni yako au ya mteja?»

Tangu wiki ile siandiki siku bila tarehe, wala saa bila kusema ni ya asubuhi au ya jioni, na huiandika hivi:

```
التوصيل يوم الثلاثاء 14 شهر 11
الساعة 9 صباحا
```

Jina la siku likikosewa, tarehe italisuta, na mteja mwenyewe atakuuliza ni ipi kati ya hizo mbili. Kwa jioni andika «مساء». Mwezi uandikwe kwa namba, kwa kuwa Msudani husema «شهر 11» kwa wepesi, ilhali Msiria ana jina jingine kabisa la Novemba. Katika daftari letu andikeni tarehe kwanza, kisha siku, kisha saa ya Kiswahili, na msiitafsiri namba moja kwa moja hata siku moja. Mzigo wa basi wa kwenda Bweyale upewe tarehe ya kuondoka na tarehe ya kupokelewa, zote mbili, kwa sababu huko mteja hutoka kambini Kiryandongo kuja kuufuata, na siku moja ya bure kwake ni nauli.

4. Kuhusu kilichopo na kilichokwisha: kitu kipo ukikiona stoo kwa macho, si ukikumbuka kwamba juzi kilikuwapo. Mteja akiuliza «موجود؟», msimjibu «إن شاء الله», maana hilo linafaa kwa safari na mvua, na yeye atalisikia kama hapana yenye heshima. Ndugu wa Bombo, «mafi» inatosha nyumbani, lakini kwa maandishi ya duka ni kama kumfungia mtu mlango. Andikeni «غير متوفر حاليا» na tarehe mnayotarajia mzigo, kama mnayo. Na kuisha ni «نفد», kwa dali isiyo na nukta. Ukiiweka nukta juu yake inakuwa neno jingine, na wateja waliosoma watakucheka kimya kimya.

5. Namba ya simu ya duka iwekwe katika mstari wake peke yake, la sivyo alama ya kujumlisha ya +256 huruka upande wa pili. Na tarakimu za mteja zikija kwa mtindo wa kwao, ٥ ni tano, sifuri ni nukta ٠, na ٦, inayofanana na saba yetu, ni sita.

Kuhusu jiko la Kabalagala, nilimwambia kijana asifute ujumbe wake, kwa sababu mteja alikuwa ameshausoma na kupanga alasiri yake. Tukaandika chini yake pamoja, yeye akichapa na mimi nikitazama kidole chake:

```
عفوا، تصحيح: الساعة 9 صباحا وليس الساعة 3
```

Mteja akajibu kwamba asubuhi hayupo, na kwamba ile tatu ya mwanzo ilimfaa zaidi. Nikachukua daftari, nikakata saa tatu, nikaandika saa tisa alasiri, kisha nikaenda mwenyewe kumweleza dereva.