Maswali na majibu: Barua ya kujiuzulu uanachama wa chama cha siasa

Nimekuwa mwanachama kwa miaka mingi. Barua nimwandikie katibu wa tawi nililojiandikisha au niende moja kwa moja kwa katibu mkuu?

Fungua katiba ya chama, sehemu inayohusu kukoma kwa uanachama. Huwa ni kifungu kifupi chenye orodha: kufariki, kufukuzwa, kuacha kulipa ada, kujiuzulu. Kwenye kujiuzulu ndipo inapotajwa ngazi ya kuandikiwa. Vyama vingine vinataka barua iende tawini kwa sababu daftari la wanachama linakaa huko, na vingine vinataka makao makuu.

Katiba ikinyamaza, mwandikie katibu wa ngazi iliyokupa kadi na upeleke nakala kwa katibu mkuu. Hiyo nakala isidharauliwe. Katibu wa tawi anaweza kuhama, kugombana na wenzake au kuiacha barua yako kwenye droo hadi uchaguzi upite. Andika chini ya sahihi yako "Nakala: Katibu Mkuu", kisha uipeleke kweli. Mwandikie katibu kwa cheo chake, usimwandikie kwa jina, ili akibadilishwa kesho barua ibaki ya ofisi.

Nina hasira na viongozi wetu na nina sababu za msingi. Kwa nini nisizieleze zote humo humo?

Kwa sababu barua hii ina kazi moja tu, nayo ni kukutoa. Kila sentensi ya lawama unayoiongeza inampa katibu kitu cha kujibu badala ya kitu cha kupokea. Ukiandika kwamba mwenyekiti amekula michango, umeanzisha mgogoro: utaitwa kwenye kamati ya nidhamu, utatakiwa ulete ushahidi, na unaweza kujikuta ukifukuzwa kabla tarehe yako ya kuondoka haijafika. Tena barua za namna hii huvuja. Ikishapigwa picha na kuzunguka kwenye simu za watu, tuhuma usiyoweza kuithibitisha inaweza kukufikisha mahakamani kwa kashfa.

Nilitumiwa rasimu moja iliyoanza hivi: "Baada ya kuvumilia uonevu kwa muda mrefu, nimelazimika kuomba kujiuzulu kwa sasa." Uonevu ni tuhuma, hilo mwandishi alilijua. Ila kuna mengine matatu yamejificha humo. "Nimelazimika" linampa mtu nafasi ya kudai kesho kwamba hukuondoka kwa hiari. "Kuomba" linamfanya katibu awe na mamlaka ya kukubali au kukataa, wakati wewe unatoa taarifa tu. "Kwa sasa" linafanya ionekane kama likizo. Sentensi nzima inaweza kuwa: "Natoa taarifa kwamba ninajiuzulu uanachama wa chama hiki kwa hiari yangu." Basi.

Ukihisi lazima utaje sababu, "kwa sababu binafsi" inatosha. Malalamiko yako yaandikie waraka wake, siku yake, kwa chombo kinachohusika. Na chama unachokwenda usikitaje kabisa. Si habari ya katibu unayemuaga.

Nikiandika "kuanzia leo" si inatosha?

"Leo" ya nani? Barua ina tarehe tatu: siku uliyoiandika, siku iliyopokelewa, na siku unayoacha kuwa mwanachama. Zikichanganyika ndipo watu huanza kubishana.

Tuseme umeandika tarehe 12 Mei 2026, ukampa kijana wa ofisini, naye katibu akagonga muhuri wa kupokea tarehe 14. Kwa hesabu yako ulitoka tarehe 12. Kwa hesabu ya chama, hakuna aliyejua chochote mpaka tarehe 14. Siku mbili zinaonekana kitu kidogo, lakini kama tarehe 13 ulijaza fomu ya chama kingine na kutia sahihi kwamba wewe si mwanachama wa chama chochote, sasa una tatizo. Vyama vingi havikubali mtu awe na kadi mbili, na mpinzani wako kwenye kura za maoni atazitafuta tarehe hizo kwa bidii kuliko wewe.

Dawa yake ni kuandika siku ya kalenda iliyo mbele, tena pande zote mbili: siku ya mwisho ukiwa mwanachama na siku ya kwanza usiyekuwa. "Siku yangu ya mwisho ya uanachama ni tarehe 30 Juni 2026, kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mimi si mwanachama." Hapo hata barua ikichelewa mezani, tarehe haisogei.

Kabla ya kuchagua siku hiyo, angalia kama katiba inadai muda wa taarifa. Ikitaka siku 30, hesabu kuanzia siku inayofuata ile ya kupokelewa. Kwa mfano wetu, barua iliyopokelewa tarehe 14 Mei inatimiza siku 30 tarehe 13 Juni, kwa hiyo mwisho wa Juni una nafasi ya kutosha. Kama uliandika kwamba unaondoka tarehe 1 Juni, chama kinaweza kusema bado u mwanachama, na kwa katiba uliyoikubali ulipochukua kadi kitakuwa na hoja.

Na usirudishe tarehe nyuma. Barua iliyofika Mei ikidai mtu aliondoka Januari haiaminiki, hata kama kweli hujakanyaga mkutanoni tangu Januari.

Tafadhali nionyeshe barua yenyewe ilivyo.

Juu kulia weka jina lako kamili kama lilivyo kwenye kadi, anwani, simu na tarehe ya kuandika. Upande wa kushoto cheo cha katibu, jina la chama na tawi. Kisha:

Ndugu Katibu,

YAH: KUJIUZULU UANACHAMA, KADI NA. ______

Natoa taarifa kwamba ninajiuzulu uanachama wa chama hiki kwa hiari yangu. Siku yangu ya mwisho ya uanachama ni tarehe 30 Juni 2026. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mimi si mwanachama.

Naomba jina langu liondolewe kwenye daftari la wanachama kuanzia tarehe hiyo, na nipatiwe uthibitisho wa maandishi kwamba barua hii imepokelewa. Kadi yangu nitaikabidhi ofisini kwako tarehe 30 Juni 2026.

Nashukuru kwa ushirikiano niliopata.

Sahihi, jina, na "Nakala: Katibu Mkuu".

Ni hayo tu. Ile "husika na kichwa cha habari hapo juu" ukiipenda iweke, haidhuru, lakini haiongezi kitu. Neno "naomba" limebaki kwenye daftari na uthibitisho kwa sababu hayo kweli yanafanywa na katibu. Kadi piga picha pande zote mbili kabla ya kuirudisha. Namba yake ndiyo itakayokusaidia siku ukikuta jina lako bado limo.

Katibu wetu amekataa kuipokea. Anasema lazima kikao kikae kwanza.

Hapo ndipo utaona faida ya kutokuandika "naomba kujiuzulu". Kikao kinaweza kukaa na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba taarifa imepokelewa. Kumzuia mtu asiondoke ni jambo jingine, na mara nyingi katiba ya chama haina kifungu cha namna hiyo. Mwambie kwa upole akuonyeshe kifungu.

Wakati huo huo tengeneza ushahidi wa kufika kwa barua. Nenda na nakala mbili. Moja unaiacha, nyingine inagongwa muhuri au inasainiwa ikiwa na jina la aliyepokea, tarehe na saa. Asipotaka kusaini, itume kwa posta ya rejista na utunze risiti, halafu itume pia kwa baruapepe rasmi ya chama ikiwa imeskaniwa, yenye sahihi. Shahidi uliyekwenda naye aandike mistari miwili mitatu siku hiyo hiyo kuhusu kilichotokea. Ujumbe wa sauti au maneno kwenye kundi la tawi usiutegemee: anayeusoma si lazima awe katibu, na unaweza kufutwa.

Penye ofisi ya msajili wa vyama inayotunza orodha za wanachama, mpelekee msajili nakala yenye muhuri au hiyo risiti.

Mimi ni mweka hazina wa tawi. Nikijiuzulu uanachama, si nafasi inaondoka yenyewe?

Kwa kawaida ndiyo, maana asiye mwanachama hawezi kushika nafasi. Lakini usiiache iondoke kimya kimya, kwa sababu kitabu cha fedha bado kina mwandiko wako. Ongeza sentensi moja kwenye barua: "Nafasi ya mweka hazina ninaiacha tarehe 15 Juni 2026, na makabidhiano nitayafanya siku hiyo." Yaani unaacha nafasi kwanza, uanachama baadaye, ili makabidhiano yafanyike ukiwa bado ndani.

Siku ya makabidhiano andikeni karatasi: vitabu vya risiti na namba zake, salio la benki kwa tarehe hiyo, fedha taslimu zilizohesabiwa mbele ya watu, funguo. Sahihi zenu wote. Jina lako liondolewe pia benki kama mtia sahihi, na hilo benki hutaka barua ya chama, haitoshi ya kwako. Miezi mitatu baadaye hundi ikilipwa kwa sahihi yako, barua ya kujiuzulu peke yake haitakutetea.

Mimi ni diwani kwa tiketi ya chama. Utaratibu ni huu huu?

Usitume chochote kabla hujazungumza na wakili. Katika nchi nyingi kiti kinafuata chama. Katiba za Kenya na Tanzania, kwa mfano, zinamwondolea ubunge aliyechaguliwa kupitia chama kisha akakiacha, na kwa diwani utahitaji kusoma sheria ya halmashauri yenu. Hapo tarehe ya kujiuzulu ndiyo inaweza kuwa siku unayopoteza kiti, kwa hiyo usiichague kwa kubahatisha.

Nimeshapeleka barua lakini nimebadili mawazo. Naweza kuirudisha?

Kabla ya siku uliyoitaja kufika, andika barua fupi ya kuiondoa ile ya kwanza, ukitaja tarehe yake, na uigongeshe muhuri vilevile. Chama kinaweza kukubali au kushikilia ile ya kwanza. Siku hiyo ikishapita, unaomba uanachama upya kama mgeni, na ada ya kiingilio unalipa.

Ada yangu inakatwa kwenye mshahara. Chama kitasimamisha chenyewe?

Usikisubiri. Mwandikie mwajiri au benki yako ukitaja tarehe ile ile iliyo kwenye barua ya chama, na uangalie hati ya mshahara ya mwezi unaofuata. Makato yakiendelea, kuna siku mtu atayatumia kama ushahidi kwamba hukuondoka.