Ukoko mweupe ndani ya birika: unatoka wapi?

*Swali: Habari fundi. Nikiwa Kirumba birika langu la umeme lilikaa miaka miwili safi kabisa. Nimehamia Kisesa, tunatumia maji ya kisima kirefu, na mwezi mmoja tu limeshika ukoko mweupe. Maji yenyewe ni maangavu. Huo uchafu unatoka wapi? Na hita ya bafuni je?*

Salama dada. Huo si uchafu, ni jiwe lililokuwa limeyeyuka ndani ya maji.

Kirumba ulitumia maji ya ziwa, na sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria ni mvua iliyonyesha juu ya ziwa lenyewe, kwa hiyo yana madini machache. Maji ya kisima yamepita ardhini. Huko hubeba hewa ya ukaa, yakawa asidi dhaifu inayoyeyusha chokaa ya kwenye mwamba na udongo. Ikishayeyuka huioni, hata maji yang'ae vipi.

Ukiyachemsha, hewa ile hufukuzwa na chokaa hurudi kuwa jiwe:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + CO₂ + H₂O

Sukari huyeyuka zaidi kwenye maji ya moto, lakini chokaa hii huyeyuka kwa shida zaidi kadiri joto linavyopanda. Ndiyo maana hushika kwanza pale penye moto mkali, yaani kwenye koili au kitako cha birika.

Tuseme kisima chenu kina miligramu 300 za chokaa hiyo kwa lita. Birika la lita 1.5 hubeba gramu 0.45. Ukichemsha mara nne kwa siku, kwa siku 30 zimepita gramu 54. Si zote hunasa, lakini hata nusu yake ni gramu 27, na huo ndio ukoko unaouona.

Dondoshea siki. Ikitoa povu, ni chokaa. Nusu lita ya siki ya asilimia 5 inaweza kuyeyusha takriban gramu 20, basi imwage humo ikiwa vuguvugu, iache saa moja, suuza, na rudia ukoko ukibaki. Ukitumia ndimu, usiichemshe, kwani kwenye joto kali asidi yake na chokaa huweza kutengeneza utando mwingine mgumu kutoka. Na usikwangue kwa kisu, utachubua chuma.

Hita ya tangi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu huioni ndani. Ukoko hauruhusu joto kupita vizuri, hivyo koili huungua ikiwa imefunikwa humo. Ukisikia mlio wa kupasukapasuka, au maji yakachelewa kupata moto kuliko zamani, zima umeme kwenye swichi kuu kisha mwite fundi aitoe koili na kuisafisha. Ukiweka joto nyuzi 60 badala ya 75, ukoko utajengeka polepole zaidi.