Atachimenti kwenye wasifu: andika kilichobadilika

"Nilifanya atachimenti ya uhasibu kwa muuzaji wa jumla, Industrial Area. Kwenye wasifu nimeandika: 'Nilisaidia kuingiza malipo ya M-Pesa kwenye Excel.' Natuma maombi, sipigiwi simu. Kasoro iko wapi?" (Msomaji, Kayole)

Dada, mstari huo unamwambia mwajiri ulipewa kazi gani. Haumwambii uliifanya vipi wala ilizaa nini. Ndiyo maana nilikuandikia kukuuliza malipo yalikuwa mangapi kwa siku, na yale yasiyolingana mliyafanyaje. Majibu yako yana utamu kuliko wasifu wako wote.

Kumbe duka lenu hulipwa kwa nambari ya Till. Anayelipa kwa Paybill huandika nambari ya akaunti, kwa hiyo ni rahisi kujua analipia nini. Wa Till hutuma pesa tu, na mhasibu anabaki kukisia ni za ankara ipi. Ulipofika ulikuta malipo 140 ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Ukawaomba watu wa mauzo waandike msimbo wa muamala juu ya nakala ya ankara kabla mzigo haujatoka. Wiki ya 12 yalikuwa yamebaki 20.

Basi andika hivi:

"Nililinganisha malipo takriban 60 ya M-Pesa kwa siku na ankara zake, nilipunguza malipo yasiyotambuliwa kutoka 140 hadi 20 katika wiki 12, kwa kuanzisha utaratibu wa kuandika msimbo wa muamala kwenye kila ankara."

Mwajiri anaona wingi wa kazi, kilichobadilika, na ulichofanya hadi kikabadilika. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na bila hilo mtu atadhani malipo yalipungua kwa sababu biashara ilidorora. "Nilisaidia" nimeliondoa kwa kuwa kazi uliifanya mwenyewe. Ila kama wazo lilikuwa la msimamizi wako, weka "kwa kutekeleza" mahali pa "kwa kuanzisha".

"Hakuna aliyekuwa akinihesabia kazi. Nilikuwa mapokezi na kwenye mafaili. Nitatoa wapi takwimu?" (Msomaji, Rongai)

Fungua lile daftari la atachimenti ulilokuwa ukijaza kwa ajili ya chuo. Chagua siku tano za kawaida, usichague zile za pilkapilka, uone ulipokea wageni wangapi au ulipanga mafaili mangapi. Zikicheza kati ya 25 na 35, andika "takriban 30 kwa siku". Kisha mpigie aliyekuwa msimamizi wako umsomee mstari huo. Yeye ndiye atakayeulizwa, na asipoutambua umeharibikiwa.

Matokeo nayo si lazima yawe ya kupungua au kuongezeka. Kama faili lilikuwa likitafutwa nusu saa na baada ya kupanga upya likapatikana kwa dakika tano, muda huo ni kipimo. Kama hukuwahi kuupima, sema ulichopanga na kiasi chake, uishie hapo. Asilimia za kubuni hujulikana upesi: mtu anaandika "nilipunguza makosa kwa asilimia 50", akiulizwa, makosa yalikuwa mawili yakabaki moja. Hesabu ikiwa ndogo, taja namba zenyewe.

Chai na fotokopi ziache. Kila mtu amezifanya.

"Rafiki ameniambia nianze kila mstari na 'niliongoza' au 'nilisimamia' ili nionekane mzito. Ni sawa?" (Msomaji, Githurai)

Swali la kwanza kwenye mahojiano litakuwa: uliwasimamia watu wangapi? Mwanafunzi wa atachimenti aliyesimamia idara huwafanya wahojaji watazamane. Kitenzi kizuri ni kile kinachoonyesha mikono yako ilifanya nini: nilikagua, nilibaini, nilifuatilia, nilirekebisha, niliandaa, nilifupisha muda. "Nilihusika" na "nilishiriki" ndivyo vya kukwepa, kwa sababu hata aliyekaa kwenye kikao kimya alishiriki.

Mistari mitatu au minne inatosha kwa atachimenti moja. Wenye matokeo utangulie.

"Kampuni ilinikanya nisitoe siri zake. Nitaandikaje namba bila kuvunja ahadi?" (Msomaji, South B)

Fedha za kampuni, majina ya wateja na bei usiyataje. Taarifa binafsi za wateja zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo hata picha ya ukurasa wa Excel usiiambatishe kama ushahidi. Idadi ya ankara kwa siku au muda uliookolewa kwa kawaida haifichui kitu. Ukiwa na shaka, tumia uwiano: "malipo yasiyotambuliwa yalishuka hadi moja ya saba". Mwajiri akitaka undani, mwambie umefungwa na makubaliano, umweleze utaratibu ulioutumia hatua kwa hatua bila jina la mteja hata mmoja.